Breka Inayokata Asubuhi na Doa la Maji Darini: Tulivyoripoti Hitilafu kwa Meneja wa Jengo

Kwa miaka kadhaa nilikuwa ofisa utawala wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na miongoni mwa kazi ambazo hakuna aliyewahi kuniandikia kwenye barua ya ajira ilikuwa kushughulika na meneja wa jengo. Tulipanga upande mmoja wa ghorofa ya tatu. Juu yetu palikuwa na mpangaji mwingine, chini yetu mwingine, na vyoo vya kila ghorofa vilikuwa karibu na ngazi, upande wa pili wa ukuta wa korido yetu. Nayaeleza mapema mambo haya ya mpangilio wa jengo kwa sababu ndiyo yaliyokuja kuamua kila kitu.

Mwanzoni tulikuwa na malalamiko mawili, na kila moja lilipelekwa njia yake. La kwanza lilikuwa umeme. Asubuhi, muda mfupi baada ya watu kuingia kazini na kuwasha taa, umeme ulikatika katika ofisi yetu pekee, huku majirani wakiendelea na kazi. La pili lilikuwa doa la rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu, pale koridoni palipokaa mashine ya kuchapia. Lilianza dogo, likatanuka hadi kufikia upana wa sahani ya wali, kisha siku moja likaanza kudondosha maji. Umeme uliripotiwa na mhasibu wetu kwa simu. Maji yaliripotiwa na dada wa mapokezi kwa ujumbe mfupi uliosema, "Habari za asubuhi meneja, maji yanavuja ofisini kwetu, tunaomba mje."

Meneja hakutupuuza, na ni haki niliseme hilo, maana wapo wapangaji wanaodhani kila kuchelewa ni dharau. Alimtuma mtu wa usafi na ndoo na dekio, kwa kuwa ujumbe wenyewe haukumweleza zaidi ya hapo. Fundi umeme naye alikuja, lakini alikuja saa sita mchana, akakuta kila kitu kinawaka. Alifungua bodi, akabonyeza kitufe cha majaribio kwenye breka ya kuzuia mshtuko, breka ikakata kama inavyotakiwa, akairudisha. Akasema mtambo hauna tatizo, labda breka yenyewe imezeeka, na akaahidi kuleta nyingine. Fundi bomba alifika siku nyingine, pia mchana. Akatazama doa, akatazama kiyoyozi kilichokuwa ukutani si mbali na pale, akahitimisha, "Dada, haya ni maji ya kiyoyozi chenu. Bomba lake la kutolea maji limeziba. Mwiteni fundi wenu."

Hapo ndipo suala lilipobadilika kutoka kero na kuwa hoja ya nani alipe. Mkataba wetu wa pango ulikuwa wa kawaida katika hili: viyoyozi vilikuwa mali yetu na matunzo yake yalikuwa juu yetu, ilhali paa, kuta kuu, mabomba ya pamoja na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote vilikuwa vya mwenye jengo. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, nayo inaweka wajibu wa namna hiyo kwa mpangishaji pale anapopangisha sehemu tu ya jengo. Kwa hiyo swali la maji yanatoka wapi lilikuwa pia swali la fedha zinatoka wapi, na fundi alikuwa amelijibu kwa kutazama doa ambalo wakati huo lilikuwa limekauka.

Kabla ya kueleza tulivyolijibu sisi, niseme jambo moja la usalama ambalo halikusubiri ushahidi wowote. Doa lilikuwa limesogea hadi karibu na taa ya darini. Maji yakifika kwenye taa, huingia kwenye viungo vya nyaya, na umeme wetu wa volti 230 hauhitaji muda kumdhuru mtu. Tulizima breka ya taa za korido, tukabandika karatasi juu yake yenye maneno "Usiwashe, maji darini", tukaisogeza mashine ya kuchapia, tukaweka ndoo. Hakuna aliyeruhusiwa kupanda kiti na kutoboa dari ili maji yatoke, ingawa kijana mmoja alikuwa tayari na bisibisi. Ni kweli kwamba jipsamu iliyolowa huwa nzito na inaweza kuporomoka, na mafundi hutoboa tundu kwa makusudi ili kuipunguzia mzigo, lakini hufanya hivyo baada ya kuhakikisha hakuna waya wenye umeme juu yake. Siku hiyohiyo nilimjulisha meneja kwa simu, kisha kwa barua pepe, kwamba tumezima taa hizo kwa sababu ya maji. Sentensi hiyo moja kuhusu taa ilimfanya asome barua kwa jicho jingine, kwa sababu maji peke yake huonekana kuwa uchafu, lakini maji karibu na umeme ni hatari ambayo meneja yeyote anajua ataulizwa juu yake.

Kisha nikaanza kuandika saa. Nilibandika karatasi ukutani koridoni, na yeyote aliyeona tone la kwanza au breka ikikata alitakiwa kuandika saa, nani alikuwepo, kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi au la, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Karatasi hiyo haikuhitaji utaalamu wowote. Hata hivyo, baada ya kupita Jumatatu na Ijumaa moja, ilikuwa imeshaanza kusema.

Maji yanayovuja darini yana vyanzo vichache, na kila chanzo kina saa zake. Bomba la maji safi lenye presha halipumziki. Likipasuka au kiungo chake kikilegea, hudondosha mchana na usiku, na mara nyingi huzidi usiku wakati hakuna anayefungua bomba na presha imepanda. Mvua nayo hujulikana, kwa sababu doa hukua baada ya kunyesha na kukauka jua likiwaka, na kwa Dar es Salaam mtu ataliona wakati wa masika na vuli. Sisi hatukuwa ghorofa ya juu kabisa na wala haukuwa msimu wa mvua, kwa hiyo hilo lilipita haraka. Maji ya kiyoyozi hutokana na unyevunyevu wa hewa unaogeuka maji kwenye koili baridi, na hivyo huhitaji kiyoyozi kiwe kimewaka kwa muda. Kiyoyozi kilichoziba bomba hudondosha zaidi mchana, hewa ikiwa na joto na nzito kwa unyevu, na huacha baada ya kuzimwa. Lililobaki ni bomba la majitaka. Hili halina presha, hivyo halivuji hadi mtu atumie choo, sinki au sakafu iliyo juu yake, na baada ya hapo huacha taratibu.

Karatasi yetu ilionyesha tone la kwanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili kasorobo asubuhi. Wakati huo viyoyozi vilikuwa ndiyo kwanza vinawashwa, au havijawashwa kabisa. Kufikia saa nne tone lilikuwa limekoma. Jumamosi ofisi yetu hufungwa na viyoyozi huzimwa, lakini mlinzi wa zamu, ambaye nilimwomba apite kutazama, alikuta maji kwenye ndoo asubuhi ileile. Niliomba pia aimwage ile ndoo Jumamosi mchana na kuirudisha mahali pake. Jumatatu nilifika mapema kuliko kawaida, nikaikuta kavu. Nilikaa hapo na kikombe changu cha chai hadi tone la kwanza lilipoanguka.

Kwa hiyo maji yalikuja asubuhi za siku za kazi na Jumamosi, hayakuja Jumapili, na hayakujali kama kiyoyozi kimewaka. Nilipomuuliza yule mlinzi ni nani huwa jengoni kabla ya saa mbili, alinijibu bila kufikiri kwamba ni kina mama wa usafi, ambao huosha vyoo vya ghorofa zote kuanzia saa moja, Jumatatu hadi Jumamosi.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao karibu umwagwe kila siku na dekio. Nilichota maji ya ndoo kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi na kuishika dirishani. Maji ya kiyoyozi huwa meupe na hayana harufu. Haya yalikuwa na ukungu wa kijivu, nilipoitikisa chupa yalitoa povu lililokaa, na yalinukia dawa ya kusafishia vyoo, ileile ambayo harufu yake hujaa ngazini asubuhi. Niliiandika tarehe kwenye chupa na kuihifadhi. Nakiri kwamba wenzangu walinicheka.

Kuhusu umeme, karatasi ilionyesha kwamba kabla hatujazima taa za korido, breka ilikuwa ikikata saa mbili hadi saa tatu asubuhi, na kwamba mchana ilikaa bila shida. Baada ya kuzizima, haikukata tena. Hapa inafaa kujua ni breka ipi iliyokata, kwa kuwa meneja akiambiwa tu "umeme umekatika" hatajua aanzie wapi. Breka ndogo za kila njia ya umeme hukata mzigo unapozidi au nyaya zinapogusana. Ile kubwa yenye kitufe cha majaribio hukata umeme unapovuja kwenda ardhini, na kwa kawaida za ofisini huwekwa zikate kwenye miliampia 30, kiasi kidogo ambacho taa iliyoingia maji hukifikia kwa urahisi. Kwetu iliyokata ilikuwa hiyo kubwa, na ndiyo maana ofisi nzima iliingia giza kwa kosa la taa moja. Fundi aliyekuja saa sita alikuta taa imeshakauka. Hakuwa amedanganya aliposema mtambo hauna tatizo, alikuwa amefika saa isiyo na tatizo.

Ipo namna ya kutafuta njia mbovu ya umeme kwa kushusha breka ndogo zote, kurudisha ile kubwa, kisha kupandisha ndogo moja baada ya nyingine hadi ile kubwa ikate. Mtu mwenye mikono mikavu, mbele ya bodi kavu, anaweza kuifanya mara moja ili aweze kumweleza fundi. Lakini isichukuliwe kuwa ni jibu la mwisho, kwani breka nyingi ndogo hukata waya wa moto tu na kuuacha ule wa nyutro, na kama nyutro ndiyo inayogusa unyevu, breka kubwa inaweza kukata hata ndogo zote zikiwa zimeshushwa. Kurudisha breka inayokata tena na tena bila kujua sababu ni jambo la kuepuka kabisa.

Baada ya hapo niliandika barua pepe moja ya kuunganisha malalamiko yote mawili. Nainukuu karibu yote, kwa sababu ndiyo iliyopata jibu:

"Ndugu Meneja, shikamoo. Rejea taarifa zetu za awali kuhusu maji darini na umeme kukatika. Tunaona kwamba huenda ni hitilafu moja. Mahali: korido ya ghorofa ya tatu, mita mbili hivi kutoka ukuta wa vyoo, karibu na taa ya pili. Wakati: maji huanza kati ya saa 1:30 na saa 1:45 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na hukoma kabla ya saa 4:00. Jumapili hakuna. Jumamosi viyoyozi vyetu vilikuwa vimezimwa na maji yalikuja. Kiasi: kati ya lita mbili na tatu kwa asubuhi. Maji yana povu na harufu ya dawa ya choo, sampuli tunayo. Breka kubwa ya kuzuia mshtuko ilikuwa ikikata asubuhi. Tangu tuzime taa za korido haijakata. Tunaomba fundi bomba afike kabla ya saa 1:30 asubuhi, akiwa na ruhusa ya kuingia vyoo vya ghorofa ya nne. Taa tutaendelea kuziacha zimezimwa hadi mtakapotuthibitishia. Picha na karatasi ya kumbukumbu vimeambatishwa. Atakayempokea fundi ni mimi, na simu yangu iko hapa chini."

Sikumwambia meneja kwamba bomba la majitaka la ghorofa ya nne limepasuka, ingawa nilishaamini hivyo. Fundi anayeletewa jibu huja kulipinga au kulikubali, lakini anayeletewa saa, mahali na kiasi huja kupima. Isitoshe, jambo lilimgusa mpangaji wa juu, ambaye hakuwa amekosa chochote, na ni meneja pekee aliyekuwa na haki ya kumwomba nafasi. Kupanda mwenyewe ghorofani kugombana na jirani juu ya choo chake kungetuharibia hata hoja tuliyokuwa nayo.

Fundi bomba, mzee yuleyule wa mara ya kwanza, alifika asubuhi. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu ya chakula. Tuligawana kazi: yeye juu, mimi chini na simu mkononi. Alianza kwa kuvuta maji ya choo mara kadhaa, tukasubiri, hakuna kitu. Akajaza sinki na kuliachia kwa mkupuo, tukasubiri, hakuna kitu. Kisha akamwaga ndoo ya maji yenye rangi sakafuni, yakaelekea kwenye tundu la kutolea maji lililo katikati ya choo. Tulisubiri kwa muda mrefu zaidi. Dari hainyonyi na kuachia papo hapo. Maji hupita kwenye zege, hutembea juu ya fremu za chuma zinazoshikilia jipsamu, na huangukia pale fremu inapoinama, ndiyo maana doa letu lilikuwa mita mbili kutoka ukutani. Hatimaye tone lilianguka, na lilikuwa la waridi. Nilimpigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya dada, kiyoyozi chenu hakina kesi."

Walipoondoa vigae vilivyozunguka lile tundu, walikuta kiungo kati ya tundu na bomba linalotoboa zege kimeachana, na saruji ya pembeni imepasuka mzunguko mzima. Maji ya choo chenyewe yalipita kwenye bomba jingine lililokuwa zima, na hiyo ndiyo sababu jaribio la kwanza halikuonyesha kitu. Maji ya kuoshea sakafu tu ndiyo yaliyopitia kwenye ule ufa. Walibadilisha tundu, wakapaka dawa ya kuzuia maji chini ya vigae vipya, na kabla ya kuweka vigae nilimwomba meneja kwamba wazibe tundu na kuacha sakafu imejaa maji kwa saa 24 huku sisi tukitazama chini. Fundi hakupenda kwa kuwa choo kilifungwa kwa siku nzima, na mpangaji wa juu alichukia hata zaidi. Meneja alikubali baada ya kuonyeshwa gharama ya kubomoa vigae mara ya pili.

Dari ilichukua muda mrefu kuliko bomba. Mafundi walitaka kupaka rangi juu ya doa wiki hiyohiyo, nikakataa kusaini fomu ya kukamilika kwa kazi. Zege lililolowa kwa miezi huendelea kutoa unyevu, na rangi ikipakwa mapema doa hurudi, kisha hakuna anayeweza kusema kama ni unyevu wa zamani au uvujaji mpya. Tulikata kipande cha jipsamu kilichoharibika, tukaliacha tundu wazi likipigwa na feni, na taa ikabadilishwa pamoja na kiungo chake cha nyaya kilichokuwa kimeota kutu ya kijani. Ndipo fundi umeme alipopima njia ile na kuiwasha. Breka mpya aliyoahidi haikuhitajika. Mahali pa tundu niliomba pawekwe mlango mdogo wa ukaguzi badala ya kuziba moja kwa moja.

Mashine ya kuchapia ilikuwa imepata maji kabla hatujaisogeza, na mwenye jengo hakuilipa. Mkataba ulisema mali za mpangaji zikatiwe bima na mpangaji, na kifungu hicho kilikuwa wazi. Mkadiriaji wa bima alipokuja aliuliza mambo mawili: ni lini tuliona maji kwa mara ya kwanza, na ni lini tulimjulisha msimamizi wa jengo. La pili lilijibiwa na ule ujumbe mfupi wa dada wa mapokezi, kwa kuwa pamoja na upungufu wake wote ulikuwa na tarehe na saa. La kwanza lilihitaji picha ya doa lilipokuwa bado dogo, na tuliipata kwenye simu ya kijana wa bisibisi, aliyekuwa ameipiga kwa sababu aliona doa limefanana na ramani ya Ziwa Viktoria.